Besti kapewa dakika tatu: aanze na methali au na kisa cha kuchekesha?

Ratiba ya sherehe ilitumwa kwenye kundi la Wasapu la kamati Jumanne usiku, siku kumi na moja kabla ya harusi. Ilikuwa na mistari kumi na tisa, kuanzia wageni kuketi hadi kufungua muziki. Mstari wa kumi na mbili, kati ya keki na zawadi, ulisema hivi: "Neno la mpambe wa bwana harusi, dakika 3."

Besti aliusoma akiwa kwenye daladala anarudi nyumbani Temeke. Akausoma tena. Suti alikuwa ameshapimwa, mchango ameshamaliza, hata usafiri wa maharusi alikuwa amesimamia yeye. Ila hili la kusimama mbele ya watu mia tatu na kipaza sauti mkononi hakuna aliyemwambia mapema. Usiku ule alichukua daftari la mtoto, akakata karatasi ya katikati, akaanza kuandika methali.

Alianza na methali kwa sababu moja: aliona ndiyo njia salama. Methali haina jasho. Ni maneno ya wahenga, si yako, kwa hiyo ukikosea wamekosea wahenga. Wazee watatikisa vichwa, wewe utamalizia na "nawatakia ndoa njema" na kurudi kukaa. Mpaka saa tano usiku alikuwa na methali nane zimejipanga kwenye karatasi kama wachezaji wa akiba.

Asubuhi akampa mke wake asome.

Mke ni mtu wa Pangani. Alisoma akiwa anapuliza jiko, na kila alipofika kwenye methali alitoa mguno. Ya kwanza ilikuwa "Haraka haraka haina baraka." Akauliza, "Hii unamwambia nani?"

"Simwambii mtu. Ni methali tu."

"Mume wangu, hakuna methali tu. Ukiisema hii, meza zote za nyuma zitamwangalia bibi harusi tumboni."

Akamkumbusha harusi moja waliyokwenda wote Muheza, ambapo mjomba wa bwana harusi aliinuka na methali hiyo hiyo. Alikuwa na nia njema, alitaka kusifu uchumba wa miaka minne. Lakini nusu ya ukumbi ulikuwa umeshasikia minong'ono kwamba bibi harusi ni mjamzito, na mjomba alipotamka "haraka haraka" watu wakaguna. Alihutubia dakika nzima bila kujua kwa nini shangazi wa upande wa pili amekunja uso.

Ya pili ilikuwa "Chovya chovya yamaliza buyu la asali." Mke akacheka mpaka akaweka karatasi chini. Besti aliiandika akimaanisha kwamba wanandoa wasitumie akiba ovyo. Kule Pwani, alielezwa, ukimsimamia bwana harusi na kuanza habari za kuchovya, hakuna atakayefikiria akiba ya benki. Ya tatu, "Usiache mbachao kwa msala upitao," ilifutwa bila hata maelezo, maana inamfanya kila mtu ajiulize mbachao alikuwa nani.

Hapo ndipo mke alipomwambia jambo ambalo besti hakuwa amelifikiria, japo ameishi na kanga ndani ya nyumba miaka sita. Kule kwao mwanamke hanunui kanga kwa kuangalia rangi peke yake. Anasoma jina lake kwanza, yale maandishi ya chini, kwa sababu akilivaa mbele ya jirani, jirani atajiuliza anaambiwa yeye au nani. Methali ina tabia hiyo hiyo. Ukiirusha ukumbini bila kuonyesha inamlenga nani, watu wataitafutia mtu wenyewe, na mara nyingi watampata yule asiyestahili. Na upande wa bibi harusi walikuwa watu wa Muheza watupu. Wangesikiliza kwa masikio ya kanga.

Zikabaki mbili. "Hayawi hayawi, sasa yamekuwa" ni mali ya mshereheshaji. Ataisema maharusi wakiingia, na huenda akairudia wakikata keki. Ya mwisho ilikuwa "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki." Hiyo mke hakuona ubaya wake. Alipiga miayo tu.

"Hii haina matata. Ila ni ya daftari la darasa la tano. Utaisema, watamalizia kwa mazoea, kisha wataendelea kula."

Besti akaikunja karatasi, akaenda kazini amenuna.

Basi akageukia upande wa pili. Kama methali ni mtego, atachekesha. Siku hizi harusi nyingi za mjini watu wanangoja besti atoboe siri za bwana harusi, mtindo uliokuja na sinema na video za harusi za Uingereza, ambako kwa desturi besti ndiye anayetegemewa kumchekesha kila mtu kwa kumwumbua rafiki yake. Na visa besti alikuwa navyo. Ameishi na bwana harusi tangu wakiwa vijana wa cheti na diploma, chumba kimoja Manzese, karibu miaka mitatu.

Kisa ambacho marafiki zao wote wanakijua ni kile cha mguu wa mlango wa daladala. Bwana harusi alikwenda kukutana na msichana Mwenge, amevaa viatu vya kuazima, vikubwa, amejaza magazeti mbele. Wakati anashuka, kiatu kimoja kikabaki ndani na gari likaondoka. Akamsalimia yule msichana akiwa na kiatu kimoja na soksi yenye tundu. Kisa hiki kimewavunja watu mbavu kwenye vijiwe vingi. Besti alikiandika chote, na safari hii hakumpa mke wake. Alimsomea mfanyakazi mwenzake stoo, wakati wa chai.

Mwenzake alicheka kweli. Kisha akauliza swali moja, "Kwa hiyo ndivyo alivyokutana na mke wake?"

Hapana. Msichana wa Mwenge alikuwa mwingine.

Hapo kisa kikafa. Haina maana kwamba kuna dhambi mtu kuwa na mpenzi kabla ya ndoa. Tatizo ni kwamba ukumbi ungeuliza swali lile lile la mwenzake wa stoo, na jibu lingekuwa limekaa pale kwenye meza kuu na gauni jeupe. Besti akagundua namna ya kukijua kisa kibovu mapema: msomee mtu asiyewajua maharusi, kisha sikiliza swali lake la kwanza. Akiuliza "ikawaje?" kisa ni kizima. Akiuliza jambo ambalo ungetamani bibi harusi asilisikie, kiache.

Kulikuwa na visa vingine, na kulikuwa na kichaka kimoja cha kujifichia: utani. Besti ni Mngoni wa Songea, bwana harusi ni Mhehe wa Iringa. Babu zao walipigana vita vikali karne ya 19, na vita hivyo viliwaachia wajukuu utani ambao mpaka leo unaruhusu mengi. Mtani anaweza kukutania mbele ya wageni wako, kwenye msiba anaweza hata kuzuia jeneza mpaka apewe chochote, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Kwa hiyo kwa upande wa bwana harusi besti alikuwa na leseni kamili. Angeweza hata kuutoa ule mzaha mzee wa kitoweo cha Wahehe, na wajomba wa Iringa wangepiga meza kwa furaha.

Lakini leseni hiyo inasomeka upande mmoja tu wa ukumbi. Wakwe wa Muheza hawana utani na Wangoni wala Wahehe. Wao wangemwona kijana aliyevaa suti anamdhalilisha mkwe wao mpya kwa kabila lake, siku ya harusi yake. Kisa cha kuchekesha, tofauti na methali, hakihangaiki kutafuta mtu, maana mtu wake anajulikana. Kinachokosekana ni ruhusa. Nani amekuruhusu kumcheka huyu mbele yetu?

Alhamisi jioni besti alimkuta bwana harusi kwa fundi Kariakoo, anapunguziwa suruali. Ndipo alipotaja kisa cha tatu, ambacho hakuwa amekiandika popote.

Mwaka 2016, kule Manzese, walikuwa na jozi moja ya viatu vya ofisini. Ilikuwa ya bwana harusi, namba 41. Mwenye usaili siku hiyo ndiye anayevaa. Mguu wa besti ni namba 43, kwa hiyo kwake ilikuwa adhabu, lakini walikuwa wamepeana zamu na mambo yakaenda. Mpaka ilipotokea Jumatano moja wote wawili wakaitwa, saa tatu asubuhi, mmoja Kurasini na mwingine Posta. Walikaa juu ya godoro usiku wanabishana. Asubuhi besti alipoamka, viatu vilikuwa vimepigwa rangi na kuwekwa upande wake wa mlango, na mwenzake alikuwa ameshaondoka. Alikwenda Posta na kandambili, kidole amekifunga bendeji ili aonekane ana jeraha. Mlinzi wa lile jengo hakumruhusu hata kupita mapokezi.

Besti alipata kazi, na ndiyo hiyo anayoifanya mpaka leo. Mwenzake alikaa miaka miwili anauza makava ya simu mtaani kabla ya kupata kazi ya uhasibu.

"Hicho hapana," bwana harusi alisema. Hakuinua sauti, maana fundi alikuwa na pini mdomoni na masikio wazi. "Mtani, usinifanye maskini mbele ya wakwe zangu."

Alikuwa na sababu. Wakati wa posa, baba mkwe aliuliza habari za kazi yake mwaka kwa mwaka, kwa upole lakini kwa kufuatilia. Alipofika kwenye ile miaka miwili, mshenga alijibu "alikuwa anajishughulisha," na mzee akaitikia "aa," ile "aa" ndefu ambayo haijafungwa. Tangu siku ile bwana harusi alijua kwamba kuna shimo kwenye maisha yake ambalo mkwe analiona. Hata bibi harusi alijua tu kwamba aliwahi kuuza makava. Hakuwahi kuambiwa kwa nini.

"Sasa si ndiyo sababu nikiseme?" besti akauliza.

Walizungumza mpaka fundi akafunga. Mwishoni bwana harusi alikubali nusu. Viatu sawa. Zamu sawa. Kandambili marufuku, bendeji marufuku, mlinzi marufuku. Na kicheko, alisisitiza, kiwe cha besti mwenyewe. "Mtu akicheka pale, akucheke wewe."

Masharti hayo yaliitengeneza hotuba kuliko karatasi zote zilizotangulia. Kisa ambacho anayechekwa ni msimuliaji hakihitaji ruhusa ya mtu, kwa sababu hakuna mkwe atakayekasirika kwamba besti amejidhalilisha. Na sehemu ile iliyokatazwa ilipoondolewa, ikaacha pengo ambalo kila mwenye akili angeweza kulijaza mwenyewe.

Ijumaa besti alikwenda ukumbini na watu wa mapambo. Alimwomba kijana wa mitambo amwashie kipaza sauti, akamtuma mtu asimame meza ya mwisho karibu na jiko. Akasoma mistari mitano. Mtu yule alirudi na habari kwamba alisikia "viatu," "Manzese," na mwangwi. Dari lilikuwa la mabati, sakafu vigae, na siku ya harusi kungekuwa na feni na sahani juu yake. Sentensi ndefu zilikuwa zinakanyagana. Neno la kuchekesha lililokuwa katikati ya sentensi lilimezwa na lile lililofuata.

Akarudi nyumbani akakata. Kila sentensi iliyokuwa na viunganishi viwili aliivunja mbili. Neno lenye kicheko akalipeleka mwisho wa sentensi, ili baada yake kuwe na kimya na ukumbi ulipate. Alipomaliza alipima kwa simu, akisoma kwa mwendo wa kipaza sauti, si mwendo wa sebuleni: dakika mbili na sekunde hamsini.

Na hapo, akisoma kwa mara ya nne, ndipo alipoona kazi ya ile methali ya darasa la tano. Ubovu wake ulikuwa kwamba kila mtu anaijua. Lakini kwenye ukumbi wenye mwangwi, kitu ambacho kila mtu anakijua ndicho pekee kitakachofika meza ya mwisho kikiwa kizima. Wewe unasema nusu, wao wanasema nusu, na hata aliyekuwa anachambua kuku anajikuta ameitikia. Ilichokosa mwanzoni ni mwenyewe. Ukianza nayo, haina mtu, inaelea. Ukiileta baada ya kisa, mtu wake amekaa pale pale na kila mmoja ameshamwona.

Jambo la mwisho alilifanya Jumamosi alasiri, maharusi wakiwa bado kwenye picha. Alimfuata dijei kwenye meza yake na soda baridi, akamwomba jambo moja: akiwa anaongea, asipige ile milio ya vichekesho, na akinyamaza, asidhani amemaliza. Dijei wengi wakisikia kimya cha sekunde mbili wanaachia muziki. Huyu alikubali.

Saa tatu na dakika arobaini usiku mshereheshaji akamwita. Alikuwa ameshasema "hayawi hayawi" mara tatu.

Besti alisimama. Hakusoma karatasi, ilikuwa mfukoni kwa dharura tu.

"Wazee wetu na wazazi wa pande zote mbili, shikamooni. Mimi ni Mngoni. Huyu hapa ni Mhehe."

Meza mbili za Iringa zikalipuka. Alingoja zitulie.

"Wageni wetu wa Muheza, hizo kelele maana yake ni kwamba huyu ni mtani wangu. Nikimsema, hakuna kesi. Lakini leo simsemi yeye. Leo najisema mimi."

Baba mkwe, aliyekuwa ameegemea kiti, akasogea mbele kidogo.

"Mwaka 2016 tuliishi Manzese. Chumba kimoja. Godoro moja. Na viatu vya ofisini, jozi moja. Namba 41." Akainua mguu. "Mguu wangu ni huu. Namba 43."

Hapo kicheko alichokitegemea hakikuja. Meza za mbele zilicheka, za nyuma hazikuona mguu. Kwa sekunde moja tumbo lilimwingia baridi, na mkono ulienda mfukoni kwenye karatasi. Lakini alikuwa ameshazoea sentensi inayofuata, ikatoka yenyewe.

"Nikaitwa usaili Kurasini. Nikavivaa. Kutoka kituoni mpaka ofisini nilitembea kama bata aliyekanyaga kaa la moto. Naingia, mzee mmoja kwenye jopo akainuka kunisogezea kiti. Akasema, pole kijana, ni ajali ya pikipiki? Nikamjibu, ndiyo mzee, shikamoo."

Sasa wakacheka wote, mpaka wahudumu. Shangazi mmoja wa Muheza alifunika mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Kazi nikapata. Mpaka leo sijui niliipata kwa akili au kwa huruma."

Akangoja kicheko kishuke chenyewe. Dijei hakugusa kitu.

"Viatu vile vilikuwa vyake huyu. Na siku ile ile, saa ile ile, na yeye alikuwa ameitwa usaili. Posta."

Hakuongeza neno. Kimya kilianzia meza za mbele kikarudi nyuma, kama taa zinavyozimwa moja moja. Bibi harusi aligeuka kumwangalia mumewe. Besti alikuwa karibu kiasi cha kusoma midomo yake: "Ukaenda na nini?" Bwana harusi aliangalia glasi yake, akatikisa kichwa, akatabasamu kwa aibu.

"Wahenga walisema," besti akaendelea, na sauti yake safari hii haikuwa ya mazoezi, "akufaaye kwa dhiki…"

"Ndiye rafiki!" Ukumbi mzima, na jiko.

"Shemeji, huyo ndiye uliyempata. Tuinue glasi."

Alikuwa ametumia dakika tatu na nusu. Mshereheshaji alipokea kipaza sauti na kwa mara ya kwanza usiku ule hakupata mzaha wa haraka, akasema tu "asante sana besti" na kuita zawadi.

Yapo ambayo hayakwenda. Mjomba mmoja wa Iringa alilalamika baadaye kwamba Mngoni amepewa kipaza sauti halafu akasifia, hiyo ni dharau kwa utani. Mama wa bwana harusi alifuta machozi, kisha akauliza kwa nini hakuwahi kuambiwa kwamba mwanawe alikuwa na jozi moja ya viatu, na bwana harusi alilazimika kumtuliza mama kabla ya kufungua muziki. Kisa kikisemwa hadharani kinafika pia kwa watu ambao hukuwafikiria ulipokuwa unapima kwa simu.

Karibu saa sita, ukumbi ukiwa unafungwa, besti alikuwa kwenye maegesho anapakia zawadi kwenye gari. Baba mkwe alimjia, koti mkononi. Alisimama kidogo akiangalia masanduku yanavyopangwa.

"Kijana."

"Naam, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Vile viatu vipo?"

"Soli iliachia, mzee. Tulivitupa."

Mzee akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa habari ya mali iliyopotea.

"Mngeviweka," akasema, akaelekea kwenye gari lake.